Tulihesabu majuma kutoka mwisho

Juma lililopita mmoja wetu aliuliza kwenye mkutano kile karatasi iliyobandikwa ukutani, nyuma ya mlango wa nyumba tunamokutania, ni kitu gani. Ina mistari kumi na miwili, tarehe zimeandikwa kuanzia chini kwenda juu, na baadhi ya mistari imepigwa alama ya msalaba. Tulimwahidi kwamba tutaeleza hapa, maana wengi wetu mwaka huu tuna finalisti nyumbani, na ile karatasi ilitufundisha jambo ambalo hatukulijua.

Tuanze na kosa. Mwaka mmoja kabla ya karatasi hiyo, binti wa mmoja wetu alikuwa mwaka wa mwisho, opsio ya Pedagojia. Alikuwa mtoto wa bidii. Baada ya Pasaka alitengeneza ratiba yake nzuri, kwa rangi mbili za biki, akaanza kaye ya kwanza, ukurasa wa kwanza. Kila jioni tulimwona na taa yake ya sola. Sisi tulifurahi, tulipunguza kumtuma maji, tulijua anasoma. Mtihani ulipofika alikuwa amesoma saikolojia yote, tena vizuri kabisa, na nusu ya didaktiki. Historia hakuifungua. Kemia hakuifungua. Kingereza alikisoma usiku mmoja. Hakupata hamsini kwa mia, na bila hamsini hakuna diploma.

Hatukuweza kusema alikuwa mvivu. Ratiba yake ndiyo iliyomdanganya, kwa sababu ilianza pale alipokuwa na kwenda mbele, kama mtu anayelima shamba kutoka nyumbani kwake bila kujua mpaka uko wapi. Ukianza hivyo, masomo ya kwanza yanakula muda wa masomo ya mwisho, na huwezi kuliona hilo mpaka muda umekwisha. Na nyinyi mnajua gharama ya mwaka kurudiwa: minervali tena, pesa za kushiriki mtihani tena, na kwa msichana kuna maneno ya wajomba wanaoanza kuuliza kama shule hiyo haijatosha.

Mwaka uliofuata alirudia, na safari hii tuliketi naye wamama watano. Wengi wetu hatukufika sekondari. Saikolojia hatuijui na Kifaransa chetu ni cha soko. Lakini kuhesabu majuma tunajua. Nani kati yetu hahesabu kwa kurudi nyuma? Ukitaka maharage yako yawe tayari kabla ya jua la Juni, unaanza na siku ya kuvuna, unaondoa miezi ya kukomaa, unapata siku ya kupanda. Ukiwa na zamu ya kupokea pesa za kikundi, unajua ni majuma mangapi kabla ya kumwahidi mtu. Tulimwambia binti: leta kalenda, leta kaye zote, tuanze na siku ya mtihani.

Kila mwaka Wizara hutangaza tarehe zake, kwa hiyo hapa tutaweka tarehe ya mfano tu ili kila mama ahesabu pamoja nasi: Jumatatu 22 Juni. Wewe utaweka ile ambayo prefe wa shule ya mtoto wako amebandika. Usichukue tarehe ya mwaka jana, na usichukue ile uliyosikia sokoni.

Mtihani wa Serikali, ambao nchi yetu inao tangu 1967, una sehemu mbili zinazokuja kwa nyakati tofauti, na hapa ndipo wazazi wengi tunapopotea. Kuna kikao cha kawaida, siku nne za itemu: kila siku fungu lake, yaani utamaduni wa jumla, sayansi, lugha, na masomo ya opsio. Hiyo ndiyo siku tunayoijua, siku watoto wanavaa nguo nyeupe na buluu safi na sisi tunaamka saa kumi za usiku kuwapikia. Lakini majuma kadhaa kabla yake kuna kile watoto wanachokiita orsesio. Huko wanaandika disertasio kwa Kifaransa, wanapita mtihani wa kusema Kifaransa, na wanafanya mtihani wa vitendo wa opsio yao. Alama za huko zinaingia kwenye hesabu ileile. Kwa hiyo hakuna tarehe moja ya kuhesabia, kuna mbili. Kwa mfano wetu tuliweka orsesio kwenye juma la Jumatatu 11 Mei.

Sasa tuondoe majuma. Chukua tarehe ya mtihani na uondoe 7: 22 inakuwa 15. Ondoa tena 7: 8. Tena: 1 Juni. Hapa mmoja wetu alikwama, maana 1 huwezi kutoa 7. Unakopa siku za mwezi uliotangulia. Mei ina siku 31, kwa hiyo 31 na 1 ni 32, toa 7, unapata 25 Mei. Halafu 18, 11, 4. Unakopa tena, lakini angalia: safari hii unaingia Aprili, na Aprili ina siku 30 tu. 30 na 4 ni 34, toa 7, ni 27 Aprili. Halafu 20, 13, 6. Unakopa Machi, siku 31, unapata 30 Machi. Ukisahau kwamba mwezi mmoja una 30 na mwingine 31, tarehe zako zitaanza kuangukia Jumapili au Jumanne. Hiyo ndiyo njia ya kujua umekosea: kila tarehe lazima iwe Jumatatu kwenye kalenda. Isipokuwa Jumatatu, rudi mahali ulipokopa.

Tulikuwa tumeketi Jumapili 29 Machi, kwa hiyo juma la kwanza la kusoma lingeanza kesho yake. Tulihesabu mistari: 15, 8 na 1 Juni, 25, 18, 11 na 4 Mei, 27, 20, 13 na 6 Aprili, 30 Machi. Majuma 12. Binti alikuwa amehesabu 13, kwa sababu aliliandika pia juma la 22 Juni lenyewe. Lakini juma hilo ni la mtihani, si la kusoma. Kosa hilo ni dogo machoni, lakini ni juma zima ambalo halipo.

Majuma 12 yalimfurahisha sana. Akasema, ni mengi. Tukamwambia ngoja, hujalipa deni.

Juma la 15 Juni tuliliondoa kwanza. Hilo ni juma la mwisho, na ndani yake mtu haanzi somo jipya. Anajibu itemu za miaka iliyopita, analala mapema, anatafuta kalamu, kitambulisho na nauli ya kwenda kwenye kituo cha mtihani. Ukimwona mtoto anafungua sura asiyoijua siku nne kabla, anajiongezea hofu tu, na hofu hiyo inakwenda kuharibu hata zile sura anazozijua.

Juma la 11 Mei ni la orsesio. Limekwenda.

Juma la 25 Mei shule ilikuwa na mitihani yake ya mwisho kwa mafinalisti. Limekwenda. Shule nyingine huweka mitihani hiyo mapema zaidi, nyingine baadaye, kwa hiyo usiotee, mtume mtoto akamuulize prefe.

Halafu ikaja ile ambayo mwalimu yeyote wa Bukavu asingeiandika kwenye ratiba, lakini sisi wa bonde la Ruzizi tunaijua. Maharage yaliyopandwa katikati ya Machi yanavunwa mwanzoni mwa Juni. Mama wa binti alikaa kimya, halafu akasema kweli: juma la 1 Juni nitamhitaji shambani, siwezi kusema uongo, nina mgongo mbaya na mvua ikiyakuta maharage yamekauka tunapoteza yote. Tulimshukuru. Afadhali juma liondolewe mwezi wa tatu, kwa karatasi, kuliko liibwe mwezi wa sita wakati mtoto anaamini bado analo. Wamama, hapa tunawaomba msiwe na aibu. Ratiba inayojifanya kwamba mtoto hana shamba, hana wadogo wa kulea na hana maji ya kuchota si ratiba ya mtoto wako, ni ya mtoto mwingine.

Mwisho tuliondoa juma moja tukaliacha wazi bila kuandika kitu. Malaria, msiba, ndugu anayejifungua, au zile siku ambazo barabara haina usalama na watu wanalala mbali na nyumba zao. Hatujui itakuwa nini lakini tunajua kitu kitakuja. Tulijadiliana sana mahali pa kuliweka. Mmoja wetu alitaka katikati, ili mtoto apumzike. Tuliliweka karibu na mwisho, juma la 8 Juni, kwa sababu jambo likiharibika Aprili, kazi yake inasukumwa mbele, na huko mbele lazima ikute nafasi. Nafasi wazi iliyopita haiwezi kupokea kitu.

Toa moja, toa moja, toa moja, toa moja, toa moja. Kutoka 12 tulibaki na 7.

Halafu tukaangalia ni majuma gani hayo saba, na hapo sote tulinyamaza. Sita yote yalikuwa kabla ya 11 Mei: 30 Machi, 6, 13, 20 na 27 Aprili, 4 Mei. Baada ya orsesio lilibaki moja tu, la 18 Mei. Mtihani ni wa Juni, lakini kusoma kwenyewe kunaisha Mei. Mwaka uliotangulia binti huyu alikuwa ameweka masomo yake magumu mwezi wa sita, “nikiwa na muda.” Mwezi wa sita haukuwa na muda hata siku moja. Hakuna aliyemdanganya, hakuna aliyekuwa amehesabu tu.

Tuliendelea na hesabu ndani ya juma. Siku ni saba. Jumapili ni ya kanisa na kupumzika. Siku ya soko tunarudi usiku na yeye ndiye anayepika, kwa hiyo hiyo nayo tuliitoa. Jumamosi tuliiweka kando kwa ajili ya disertasio, tutasema baadaye. Zilibaki jioni nne, kila moja saa moja na nusu, kwa sababu taa yetu ya sola ikizidi hapo inaanza kufifia. Jioni nne mara majuma saba ni jioni 28. Hizo ndizo zilizokuwa mali yake yote.

Sasa kaye. Tulimwambia asihesabu kaye wala kurasa, kwa sababu ukurasa mmoja wa hesabu si sawa na ukurasa mmoja wa historia. Ahesabu mada, yaani vichwa ambavyo anaweza kuulizwa. Aliviandika vyote kwenye karatasi, somo kwa somo, akapata 46. Mada 46, jioni 28. Mama yake alishika kichwa.

Kama mngekuwa na nyama ya watu 28 na wageni 46, msingempa kila mgeni kipande kizima. Tulimwambia apite kwenye karatasi yake na kuweka alama mbele ya kila mada. Alama moja kwa mada anayoweza kumfundisha mdogo wake bila kuangalia kaye. Mbili kwa ile anayoikumbuka nusu. Tatu kwa ile asiyoijua. Na asijisemee moyoni tu: kwa kila mada alichukua itemu mbili au tatu za miaka iliyopita akajaribu. Hapa kulikuwa na mshangao, mada tano alizojipa alama moja zilishuka hadi mbili, maana kusoma kitu mara nyingi kunaleta hisia ya kukijua. Mwishoni alikuwa na mada 14 anazozijua, 20 za nusu, na 12 asizozijua.

Asizozijua zilipata jioni moja kila moja: jioni 12. Za nusu zilikwenda mbili kwa jioni moja: jioni 10. Anazozijua hakuzisoma tena kabisa, alizijibia itemu tu, nne kwa jioni moja, kwa hiyo jioni 4. Jumla 26. Zilibaki jioni 2. Tuliona mama yake anaachia kichwa.

Kilichobaki kilikuwa kujua kipi kiende wapi, na hapo pia tulihesabu kutoka mwisho. Tulijiuliza: kitu gani kinasahaulika upesi? Tarehe za historia, majina, sehemu za katiba kwenye elimu ya uraia. Hivyo tulivisogeza karibu na mtihani, juma la 18 Mei. Kitu gani kinahitaji mtu wa kueleza? Hesabu, fizikia, kemia, ambavyo binti alivipa alama tatu nyingi. Hivyo tuliviweka mwanzoni kabisa, 30 Machi na 6 Aprili, kwa sababu moja ambayo hatukuifikiria mpaka binti mwenyewe aliposema: baada ya mitihani ya shule walimu hawaonekani tena. Mwalimu wa kemia anaishi mbali na hurudi kwao. Mwezi wa nne ukikwama, asubuhi yake unamkuta darasani. Mwezi wa sita ukikwama, umekwama. Masomo ya opsio, saikolojia na wenzake, ambayo alikuwa ameyasoma vizuri mwaka uliotangulia, yalijaza katikati, na mengi yalikuwa ya alama moja au mbili.

Lakini ukisoma kemia 30 Machi, itabaki nini kichwani 22 Juni? Majuma 12 ni mengi. Kwa hiyo kila jioni alianza na robo saa ya itemu za juma lililotangulia, kabla ya kugusa mada ya leo. Itemu aliyoikosa aliiandikia namba ya mada yake nyuma ya kaye. Namba ikionekana mara tatu, ilipewa moja ya zile jioni mbili zilizobaki. Ndivyo zilivyotumika, zote mbili kwa hesabu.

Disertasio ilikuwa na ngazi yake yenyewe, kwa sababu siku yake ni nyingine. Kutoka Jumatatu 11 Mei tulihesabu Jumamosi kwa kurudi: 9 na 2 Mei, 25, 18, 11 na 4 Aprili. Jumamosi sita. Ile ya 9 Mei tuliiacha apumzike. Zilibaki tano, kila moja disertasio moja nzima, ameketi mezani, saa iko mbele yake, halafu Jumatatu anampelekea mwalimu wa Kifaransa. Tulifikiri mwalimu atachoka. Alisema afadhali kusoma tano kwa majuma matano kuliko kuletewa tano na watoto kumi siku mbili kabla ya orsesio, jambo ambalo humpata kila mwaka. Karatasi ya kwanza ilirudi ikiwa nyekundu, hakuwa na utangulizi wala hitimisho, aliandika tu. Ya nne ilirudi na maneno machache. Hatuwezi kuwaambia yalisema nini, Kifaransa chake kilikuwa kirefu, lakini binti alicheka.

Je, ratiba ilifuatwa? Sivyo ilivyoandikwa. Juma la 20 Aprili alilala na malaria siku tano. Jioni nne zilikwenda. Mwaka uliotangulia angejaribu kuzifidia kwa kukesha, akaharibu na juma lililofuata. Safari hii tulikata mstari wa 20 Aprili kwa msalaba, tukaziandika zile mada za jioni nne kwenye mstari wa 8 Juni uliokuwa wazi, na tarehe 27 Aprili akaendelea na mada za 27 Aprili kana kwamba hakuna kilichotokea. Hilo ndilo lililokuwa gumu kwake. Alitaka kwanza amalize za nyuma. Tulimkatalia, kwa sababu ukianza kusukuma kila mstari juma moja mbele, mwisho utasukuma historia iingie kwenye mtihani, na tunarudi kule tulikotoka.

Kwenye mavuno ya 1 Juni hakusoma mada yoyote, kama tulivyoandika, lakini ile robo saa ya itemu alikuwa nayo shambani wakati wa kupumzika chini ya mwembe. Wadogo zake walikuwa wakimsomea swali na majibu matano, yeye anataja namba, na sisi tuliokuwa tukipura maharage tulijifunza kwamba kuna mtu aliyeitwa Piaje aliyechunguza jinsi watoto wanavyofikiri. Mmoja wetu alisema angekuja kwake angemchunguzia wake saba kwa siku moja.

Jambo moja zaidi kabla ya kufunga, kuhusu tarehe kubadilika. Mnakumbuka 2020, shule zilifungwa Machi kwa ajili ya Korona na mtihani haukufanyika Juni. Hata bila ugonjwa kama ule tarehe inaweza kusogezwa. Ikisogezwa mbele, usipange upya kila kitu. Majuma yaliyoongezeka yaandike kati ya juma lililo wazi na juma la mwisho, na uyape mada zenye namba nyingi nyuma ya kaye. Juma la mwisho linahama pamoja na mtihani. Ikirudishwa nyuma, jambo ambalo ni baya zaidi, unaanza kwa kutoa juma lililo wazi, halafu unatoa mada za alama moja. Mada za alama tatu ndizo unazozigusa mwisho kabisa. Na kama una chini ya majuma manne tangu mwanzo, hesabu hii bado itakuonyesha jioni ulizo nazo, lakini haitazizidisha. Hapo itabidi mtoto aache baadhi ya mada zisizojulikana kabisa, na achague mwenyewe zipi, pamoja na mwalimu, badala ya kuachiwa na muda uchague.

Wenye watoto wa mwaka wa sita wa msingi wameuliza kama inafaa kwa mtihani wao wa mwisho. Inafaa, lakini mtoto wa miaka kumi na mbili msimpe saa moja na nusu, mpeni nusu saa, na mistari isizidi sita, atachoka kuiangalia. Tarehe ikitangazwa tutaketi pamoja baada ya mkutano wa akiba. Leteni kalenda yenye Jumatatu zinazoonekana vizuri, kaye zote za mtoto, na mtoto mwenyewe. Binti wa ile karatasi amesema atakuwepo. Alipata hamsini na saba. Sasa anafundisha darasa la pili, na alituomba tusiitoe ukutani.